Kifaranga na neno moja: nilivyogeuza hadithi ya kulalia kuwa katuni ya mtoto wa miaka miwili

Katuni yangu ya kwanza ilikuwa ya kumlaza mwanangu. Aliitazama mara moja, akasimama juu ya godoro, akaanza kuruka.

Hadithi yenyewe tulikuwa tukimsimulia kila usiku kwa miezi. Kifaranga anatafuta pa kulala. Anafika kwenye shimo, anamkuta panya. Anafika chini ya jani, anamkuta konokono. Anafika kwenye kiota, anamkuta ndege. Mwisho anarudi kwa mama yake na kuingia chini ya bawa. Kwa mdomo ilikuwa inamlaza vizuri tu, kwa hiyo nilijua kosa si la hadithi. Kosa lilikuwa langu. Nilipoigeuza kuwa picha nilifanya anachofanya kila anayeogopa kuchosha watu: nikabadilisha picha kila baada ya sekunde tatu au nne, nikampa kila mnyama maneno yake na vituko vyake, yote yakaisha kwa dakika mbili na ushei. Ingemfaa mtoto wa miaka saba, tena mchana.

Nikaanza upya, na safari hii nilianza na sauti badala ya michoro. Ukichora kwanza, sauti italazimika kuikimbiza picha. Ukirekodi kwanza, unajua kila tukio lina urefu gani, na hapo ndipo unajua uchore nini. Mke wangu ndiye msimulizi wa nyumba. Tulipomrekodi mezani akisoma karatasi, alisoma kama mtangazaji. Nikajaribu kuipunguza kasi sauti hiyo kwa programu, ikatoka kama ya mtu aliyelewa. Mwisho tulirekodi kitandani usiku, taa imezimwa, akiwa amelala ubavu na simu ikiwa kwenye mto karibu na kinywa chake. Hakusoma, alisimulia. Pumzi zake zinasikika humo ndani na sijazifuta, maana mtoto anazijua.

Sasa kibwagizo, ambacho ndicho moyo wa kazi yote. Mwanzoni kila mwenye nyumba alimwambia kifaranga, "Hapa pana mwenyewe. Nenda katafute usingizi." Tulitulia kabla ya neno la mwisho ili mwanangu alimalizie, lakini hakulimalizia. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba neno lenyewe lilimshinda. Mtoto wa umri ule akishika neno refu, aghalabu hushika silabi mbili za mwisho, kwa sababu mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na ndipo sikio lake linapotua. Kwa "usingizi" zinabaki "ngizi", na ulimi wa miaka miwili hauzipendi hizo. Tukabadilisha: "Hapa pana mwenyewe. Taratibu, taratibu, tukalale." Usiku uleule akasema "lale". Kwa hiyo kabla hujachora chochote, litamke neno la mwisho la kibwagizo chako, ukate silabi mbili za mwisho, ujiulize kama mwanao anaweza kuzisema.

Halafu mpe nafasi ya kulisema. Nilikuwa nimeacha kimya cha sekunde moja, nikidhani ni kirefu. Nilipomtazama yeye badala ya skrini, niliona anafungua mdomo, na kabla hajatoa sauti panya ameshalisema neno lenyewe. Nikahesabu kwa saa ya simu: alihitaji kama sekunde mbili. Nikaweka tatu. Ukiwa unahariri, sekunde tatu za kimya ni kama umelala kazini, na utatamani sana kuzikata. Usizikate. Ila picha isisimame kabisa ndani ya kimya hicho, la sivyo itaonekana video imekwama, na mtu mzima atagusa skrini. Kwangu, kifaranga anapumua na anapepesa mara moja. Kupepesa kwa kawaida ni fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, tano au sita tu. Mimi nimekurefusha hadi fremu 12, yaani nusu sekunde kwa video ya fremu 24 kwa sekunde, na hapo ndipo jicho linaonekana zito.

Kila tukio kati ya yale matatu lina umbo lilelile la sekunde 40. Kifaranga anatembea sekunde 12. Anasimama na kuangalia kwa sekunde sita. Mwenye nyumba anasema kibwagizo kwa sekunde tisa, mpaka "taratibu". Kimya sekunde tatu. "Tukalale" na mwangwi wake, sekunde nne. Kisha sekunde sita ambamo hakuna kinachotokea ila majani kuyumba kidogo. Ukiongeza mwanzo wa sekunde 30 na mama wa sekunde 60, unapata dakika tatu na nusu za picha. Kutoka tukio hadi tukio hakuna kukata ghafla. Picha moja inayeyuka ndani ya nyingine kwa sekunde mbili nzima.

Nikakosea tena hapa. Nilidhani nikirudia maneno yaleyale mara tatu itachosha, nikabadilisha kidogo: panya aliambiwa aseme hivi, konokono vile. Mwanangu akanyamaza. Alikuwa amejiandaa kusema neno lake, na njia ya kulifikia ikawa imebadilika. Basi nikaenda upande wa pili: nikachukua kibwagizo cha kwanza, nikakinakili mara tatu bila kukigusa. Neno alilisema, lakini mara ya tatu alilisema kwa nguvu kuliko ya kwanza. Tulikuwa tunapanda, wakati hadithi ya kulalia inatakiwa kushuka.

Nilichojifunza ni kutenganisha vitu viwili. Maneno, mpangilio wa picha na mahali mhusika anaposimama hurudiwa bila kubadilika: nyumba iko kulia, kifaranga kushoto, mara zote tatu. Sauti, mwanga na kasi ya muziki hushuka. Kibwagizo cha kwanza kinasemwa kwa sauti ya kawaida ya chumbani, cha pili chini kidogo, cha tatu ni mnong'ono, na vyote vitatu vilirekodiwa kimoja kimoja. Muziki ni noti chache za kalimba. Unaanza kwa mapigo 60 kwa dakika, ambayo kwa fremu 24 ni hesabu nzuri sana, pigo moja kwa sekunde, na hatua ya kifaranga inaangukia juu ya pigo. Kufikia kiota, noti zimepungua nusu. Kwa mama hakuna muziki, kuna pumzi tu. Na maneno yanabadilika mara moja tu katika hadithi nzima, pale mama anapoinua bawa: "Hapa ni pako." Yamesikika kwa uzito kwa sababu kabla yake hakuna kilichobadilika.

Uchoraji wenyewe hauna makuu. Kifaranga wangu ana vipande vinane nilivyochora kwenye programu ya kuchorea ya Krita, kila kimoja kwenye tabaka lake: kichwa, mwili, mabawa mawili, miguu miwili na kope mbili. Mdomo haufunguki kabisa, kwani msimulizi ni mmoja na kifaranga hasemi. Kazi ya wiki nzima nimeiepuka hapo. Zingatia tu kwamba kila mwendo uanze polepole na kuishia polepole. Bawa linalokwenda kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho linaonekana kama wiper ya gari.

Mandhari ndiyo iliyonisumbua. Kifaranga anatembea akiwa katikati ya skrini, na nyuma yake vichaka vinateleza. Nilipovitelezesha haraka, vilikuwa vinarukaruka na macho yanauma. Watu wa kamera wana kanuni ya zamani kwamba kitu kichukue kama sekunde saba kuvuka skrini ili kisirukeruke. Mimi nina sekunde 12, kwa hiyo niko salama: kwa picha yenye upana wa pikseli 1920 nasogeza pikseli sita kwa kila fremu. Kwa fremu 288 hiyo ni pikseli 1728, hivyo mandhari nzima inahitaji upana wa 3648, na kuzidi kidogo si vibaya. Tumia namba kamili. Nilipoweka sita na nusu, kingo za majani zilitetemeka.

Mwanga unaanza na rangi ya machungwa ya jioni na kuishia bluu nzito. Hakuna cheupe popote, hata mwezi wangu ni wa rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo. Anga la bluu ya giza lilinitoa jasho, kwa sababu video ikishabanwa, ule mpito laini wa rangi unageuka ngazi, mistari mipana kama ya ramani. Kwenye kompyuta huioni, kwenye simu unaiona wazi. Dawa yake ni kunyunyiza chembechembe hafifu sana juu ya anga kabla ya kutoa video. Kisha jaribu kwenye chumba cha giza, simu ikiwa na mwanga wa chini kabisa. Ukimpoteza kifaranga, mwongezee yeye mwanga na uache anga lilivyo.

Baada ya mama kushusha bawa, picha inazimika kwa sekunde kumi na skrini inabaki nyeusi kwa dakika moja na nusu. Sauti inaendelea: panya amelala, konokono amelala, ndege amelala, kifaranga amelala, kisha tena kutoka mwanzo kwa mnong'ono, mpaka inapotea. Rafiki mmoja anayefanya kazi ya video aliniambia hakuna atakayevumilia skrini nyeusi muda wote huo. Ni kweli, na ndiyo maana ipo. Sitaki avumilie, nataka ageuze kichwa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linashauri mtoto wa mwaka mmoja asiwekewe skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Kwa hiyo katuni ya kulalia inayomfanya mtoto aombe nyingine sijui inamlaza nani.

Jambo hili lilinipata siku niliyoiweka kwenye tovuti moja ya video ili bibi yake amwonyeshe. Nyeusi ilipoisha, tovuti ikajichezea video nyingine, ngoma na rangi za kuwaka, saa tatu usiku. Tangu hapo natuma faili lenyewe, linachezwa kutoka kwenye simu na kuishia pale linapoishia. Sikuweka majina ya waliotengeneza wala wito wa kujiunga mwishoni.

Ukitaka kujua kama yako imefanikiwa, usitazame skrini. Kaa ubavuni mwake na uangalie macho yake kwenye tukio la tatu. Wa kwangu, usiku wa nne au wa tano, alisema "lale" mbele ya kiota huku uso wake umeelekea ukutani. Baadaye nilipunguza urefu wa sehemu ya mama kwa sekunde 15, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaitazama.