Saa tatu ya nani?

Nauza kanga hapa Unguja. Wateja wangu wengi wako Muscat, London na Toronto, na baadhi yao ni ndugu zangu wa damu. Desemba moja niliposti stetasi: "Mzigo mpya, doti 20, nafungua oda leo saa 3 usiku, anayewahi ndiye mwenyewe." Shangazi yangu wa Toronto akasubiri saa tatu yake ya usiku. Huku kwetu ilishakuwa saa 11 alfajiri, na kanga zote zina wenyewe. Akanitumia sauti: "Mwanangu, hata moja hukuniwekea?" Iliniuma.

Tangu hapo kila tangazo naliandika kwa saa ya kila mji: "Zanzibar 21:00, Muscat 22:00, London 18:00, Toronto 13:00." Naandika saa kama inavyoonekana kwenye simu, kwa makusudi. Mtoto aliyezaliwa London akiona "saa 3" anaelewa tatu ya Kizungu, wala si kosa lake. Na ukiandika saa ndani ya picha, simu ya mteja haiibadilishi; anaisoma vilevile ulivyoiandika.

Saa hiyo ya 21:00 niliipata kwenye meseji zangu za oda, si kwa kuangalia nani amependa picha. Nilirudi nyuma miezi miwili, nikaandika daftarini kila oda ilikotoka na saa iliyoingia. Likes zilikuwa nyingi asubuhi, karibu zote za watu wa hapahapa. Oda za nje zilijazana kati ya saa 2 na saa 4 usiku: Muscat hawajalala, London wanatoka kazini, Toronto wako kwenye chakula cha mchana. Siku nikachagua Alhamisi, kwa sababu Oman wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi. Na mimi mwenyewe saa hiyo nimeshamaliza jikoni, naweza kujibu. Ukiposti ukalala, mteja anauliza bei, hapati jibu, anakwenda kwa mwingine.

Kinachovuruga hesabu ni Machi. Sisi na Oman saa zetu hazibadiliki, lakini Toronto wanasogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi, London wanafuata Jumapili ya mwisho. Kwa hiyo 21:00 yetu inakuwa 14:00 Toronto huku London bado 18:00, kisha London nao wanakuwa 19:00. Kurudisha nyuma, London ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Toronto ya kwanza ya Novemba. Tarehe hizo nne nimeziweka kwenye kalenda ya simu, na wiki hizo sinakili tangazo la zamani.

Picha za harusi na watoto sizipangii saa. Stetasi inakaa saa 24, kila ndugu ataiona akiamka. Ila habari ya msiba siiweki kabla sijawapigia wa mbali. Shangazi asije akaisoma peke yake kwenye basi, anakwenda kazini.