Dola 25 kwa miezi 14: hesabu yangu ya kuuza picha za simu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kilifi aliniandikia: "Dada, nasikia unalipwa dola kwa picha za simu. Mimi nina simu yenye kamera nzuri, na nimechoka na kazi ya duka la mtu. Nikiacha nikaingia huko, nianzie wapi?" Ujumbe wake ulinifikia siku tatu baada ya kupokea malipo yangu ya kwanza kabisa. Nilikuwa bado nina furaha nayo, na nusura nimjibu "njoo tu." Nashukuru sikumjibu siku ile. Ndugu yangu, kazi ya duka usiiache. Kaa nikupe hesabu yote, kwa sababu mimi hakuna aliyenipa.

Malipo yenyewe yalikuwa dola 25.30, ya miezi 14, kutoka Shutterstock, tovuti ya kuuzia picha, ambako kiwango cha chini cha kulipwa ni dola 25. Yalipitia PayPal, nikayatoa kwa M-Pesa. PayPal hubadilisha dola kwa bei iliyo chini ya ile unayoisikia kwenye habari, kwa hiyo simu ilipolia nilikuta shilingi 3,080. Nilimwonyesha mama ule ujumbe. Aliusoma mara mbili, akaniuliza, "Kwa zile picha za mitungi?" Ndiyo, kwa zile picha za mitungi.

Nitafika kwenye mitungi. Kwanza nilikoanguka.

Nilianza kwa kulipa shilingi 2,500 kwa mtu aliyekuwa akijitangaza kuwa atatufundisha kupata "dola za kila siku" kwa simu. Tulikuwa wengi kwenye kundi lile. Alitutumia kurasa chache na video mbili, akatuambia tupige machweo ya bahari, maua na paka, na tupakie picha kumi kila siku. Hakutuambia kwamba machweo yako tayari kwenye tovuti hizo kwa wingi usiohesabika, yamepigwa na watu wenye kamera za maelfu ya dola. Tulipoanza kuuliza mbona hatuuzi, akatuondoa mmoja mmoja. Zile 2,500 nilizipata kwa kusuka nywele za watu kwa mikono hii, na bado zinaniuma.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Simu yangu ina kioo kidogo na kilichopasuka, kwa hiyo nikawa napiga picha, namtumia binamu yangu kwa WhatsApp, yeye ndiye anazipakia kwenye kompyuta ya ofisini kwao. Picha kumi za kwanza zilikataliwa zote, hata mtu hakuzikagua, mtambo wenyewe ulizitema. Sikuelewa. Kamera ya simu yangu hutoa picha ya megapikseli 12, yaani pikseli 4,000 kwa 3,000, na Shutterstock inataka megapikseli 4 tu. Nikafikiri wananibagua.

Baadaye binamu akafungua maelezo ya faili moja, akanisomea: 1600 kwa 1200. Zidisha uone. Haifiki hata megapikseli 2. WhatsApp ilikuwa imezipunguza njiani, kama inavyofanya kwa picha yoyote unayoituma kwa njia ya kawaida. Kwa macho huoni tofauti, ndiyo maana kosa hili huchukua muda kugundulika. Ukilazimika kutumia WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama picha, na ikifika upande wa pili angalia ukubwa wa faili. Picha ya simu iliyo kamili huwa na MB 3 hadi 5. Ukikuta KB 200, hiyo ni kivuli chake. Mimi sasa napakia moja kwa moja kutoka kwenye simu, kwa kivinjari, kupitia `submit.shutterstock.com`.

Zilizofuata zikakataliwa na wakaguzi wenyewe, na sababu zilikuwa mbili zilezile: `Focus` na `Noise`. Hizi zina tiba rahisi. Kabla ya kupakia, ikuze picha mpaka uone kitu kimoja kidogo kikijaza kioo, tuseme ukingo wa kikombe. Ukiona ukingo umeyeyuka kama rangi ya maji, au kivuli kimejaa chembechembe kama mchanga, iache. Kwa simu yangu chembe hizo huja kila nikipiga ndani ya nyumba jioni, na kila nikivuta zumu. Kwa hiyo nasogea kwa miguu, na napiga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Ile hali ya kutia ukungu nyuma ya mtu nayo nimeiacha: hukata nywele na masikio vibaya, na mkaguzi huona. Na lenzi ifute kwa khanga kavu kila mara, kwa sababu mafuta ya kidole hutosha kuharibu picha nzima.

Sasa mitungi. Asubuhi moja Kisauni maji ya mfereji yalikuwa yamekatika, na pale kwenye kioski cha maji watu walikuwa wamepanga mitungi yao ya njano ya lita 20, mstari mrefu, wenyewe wamekaa kivulini wakisubiri. Jua lilikuwa linapiga ubavuni, kila mtungi una kivuli chake. Mmoja ulikuwa umezibwa kwa gunzi la mahindi badala ya kifuniko. Nikachuchumaa nikapiga picha sita, nikachagua moja, ile ambayo gunzi linaonekana wazi. Nilipoipakia sikuitegemea. Picha zangu zimenunuliwa mara 93 kwa jumla, na mara 31 ni hiyo moja.

Kwa nini hiyo? Fikiria anayenunua. Ni mhariri wa gazeti au mtu wa shirika, mbali huko, ana makala kuhusu uhaba wa maji na anataka picha moja ya kuiweka juu. Hajui Kisauni iko wapi. Anaandika maneno mawili au matatu kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa Kiingereza, na picha isiyo na maneno hayo haimtokei kamwe. Mimi niliiwekea haya:

```
jerrycan, water shortage, water kiosk, yellow, queue,
container, drought, daily life, Mombasa, Kenya, Africa
```

Wanaruhusu kuanzia maneno 7 hadi 50. Nilikuwa naweka yote 50, mpaka `happy` na `beautiful`. Sasa naweka kati ya 15 na 25, na kila neno lazima lionekane ndani ya picha au liwe ndiyo habari yenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine: mitungi ile ilikuwa na nembo za mafuta ya kupikia. Picha yenye nembo ya kampuni, au sura ya mtu asiyekutilia sahihi fomu ya idhini, haiwezi kuuzwa kwa matangazo. Lakini inaweza kuuzwa kwa ajili ya habari, ile wanayoiita `Editorial`, na hapo maelezo yake lazima yaanze kwa mahali na tarehe, namna hii:

```
Mombasa, Kenya - March 12 2024: Yellow jerrycans lined up at a water kiosk
```

Ukikosea mpangilio huo inarudishwa. Na hata pale sheria inapokuruhusu, omba. Bibi mmoja jirani yetu anayepika mahamri alinikatalia uso wake, akanipa mikono. "Mikono piga, uso wangu si wa kuuzwa." Picha ya mikono ile ikisukuma unga imenunuliwa mara tisa, na kila ikinunuliwa nampelekea mkebe wa maziwa mwisho wa mwezi. Wewe unayepiga watu barabarani bila salamu, ukijificha nyuma ya simu, jiulize kama ungependa mama yako afanyiwe hivyo.

Haya, pesa. Nimepakia picha 212, zimekubaliwa 148. Anayeanza hulipwa asilimia 15 ya bei, na asilimia hupanda kadiri unavyouza, lakini kila tarehe 1 Januari unarudishwa chini kuanza upya. Mauzo yangu 68 yaliniletea senti 10 kila moja, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa. Mengine 22 yalileta jumla ya dola 8.90. Matatu tu yalikuwa ya bei nzuri, na hayo matatu peke yake yakaleta dola 9.60. Unaona? Huwezi kujua picha ipi itapata bei nzuri. Na mnunuzi akiwa Marekani, wanakata kodi asilimia 30 ya sehemu hiyo, kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi nao. Hiyo haikwepeki, jaza fomu yao ya kodi, `W-8BEN`, kwa jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwenye PayPal na kwenye M-Pesa, herufi kwa herufi.

Bando ndilo lililonila mwanzoni. Miezi miwili ya kwanza nilitumia shilingi 1,100, nikidhani ni picha. Kumbe simu ilikuwa inahifadhi nakala ya kila picha mtandaoni yenyewe, kila nikiwasha data, pamoja na zile mbovu nilizopiga mara sita sita. Nilipozima ile hifadhi isitumie data, mambo yakatulia. Sasa nakusanya picha 8 hivi, natayarisha maelezo yake yote nikiwa sina mtandao, kwenye daftari la simu, kisha nanunua bando la saa moja, GB 1 kwa shilingi 20, napakia na kubandika, nazima. Picha 8 ni kama MB 32. Mara mbili kwa mwezi, shilingi 40. Miezi 12 ni 480.

Jumla ya bando basi ni 1,580. Toa kwenye 3,080, inabaki 1,500, yaani kama shilingi 107 kwa mwezi. Toa na zile 2,500 za yule mwalimu, niko hasara ya 1,000. Ndiyo maana nakwambia usimlipe mtu akufundishe hili. Nimekuandikia hapa.

Wengi wananiuliza mbona sifanyi video za YouTube. Dakika kumi za video ya kawaida ya simu kwa ubora wa 1080 hufika zaidi ya GB 1 kabla hujaikata, na matangazo hayalipi mpaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, kisha usubiri ifike dola 100. Kwa bando langu, siwezi. Picha iliyokwisha kubaliwa hainidai kitu tena. Ile ya mitungi imenunuliwa tena jana usiku nikiwa nimelala.

Kwa hiyo kijana wangu wa Kilifi, baki dukani, na simu iwe mfukoni. Hapo ulipo una mizani, una debe la kupimia mchele, una mteja anayehesabu sarafu kiganjani, una daftari la madeni. Ziba majina kwenye daftari hilo, likiwa juu ya meza, karibu na mlango mwanga unapoingia. Piga, ikuze uitazame, kisha nitumie kama dokumenti niione.