COOPEC imefungwa, jeran anasema pesa zipo

“Ninatangaza redioni hapa Bukavu. COOPEC moja ya akiba na mikopo imefunga milango. Jeran amenionyesha karatasi: mali dola 760 000, akiba za wanachama 600 000. Leo jioni naweza kusema pesa zipo? Na wenye akiba au hisa wafanye nini?”

Futa hiyo “pesa zipo” sasa hivi! Mimi niliitangaza, kwa sauti nzuri kabisa, mama za soko la Kadutu wakanipigia kunishukuru. Leo nikienda kununua fretini huko, napita njia ya nyuma.

Jeran wangu naye alikuwa na karatasi safi na tai iliyonyooka. Alichonificha mwongo yule ni kwamba sehemu kubwa ya “mali” ilikuwa mikopo, na mkopo hubaki kwenye mizania kama mali hata mdaiwa akiwa ameshahama, mpaka mtu akubali kuufuta. Nani ataufuta, kama aliyekopa ni shemeji wa mjumbe wa kamati?

Kwa hiyo mwombe orodha ya mikopo kwa siku za kuchelewa: 30, 90, 180 na zaidi. Tuseme katika hizo 760 000, keshi ni 20 000, nyumba na pikipiki 40 000, mikopo 700 000. Orodha ikionyesha 300 000 zimepita siku 180, zihesabu kama zimekufa. Katika 400 000 zilizobaki, tuseme zitakusanywa 250 000, maana watu wakisikia COOPEC imeanguka hupunguza mwendo wa kulipa. Nyumba na pikipiki zikiuzwa kwa haraka zitoe 25 000. Ukiongeza keshi, ni 295 000. Toa 55 000 za likidateri, yule anayekusanya mali na kulipa wanaodai, pamoja na mishahara ya wafanyakazi, zinabaki 240 000 kwa akiba za 600 000. Mwenye dola 100 kwenye karne yake ya akiba atapata kama 40, tena kidogo kidogo.

Usiseme pia Benki Kuu italipa. Sheria 002/2002 inaipa kazi ya kuzisimamia COOPEC, lakini haiifanyi mdhamini wa akiba zao.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wasikilizaji wangu walikaa nyumbani wakingoja pesa “zilizopo”, huku likidateri ameshabandika tangazo la kuandikisha madai. Tarehe ikapita, karne ziko chini ya godoro. Basi watangazie wapige kopi za karne na resi, wapeleke dai kwa maandishi, na wasiondoke bila nakala yenye muhuri na tarehe. Wenye hisa hungoja nyuma ya wenye akiba, hilo waambie mapema.

Ila kwanza orodha! Jeran akikunyima, tangaza hivyo hivyo: “Tumeomba orodha ya mikopo iliyochelewa, jeran amekataa kuitoa.” Akipiga simu redioni kulalamika, muulize tena mkiwa hewani.