Tiketi ya saa 00:30

Swali: "Tiketi yangu imeandikwa 00:30, Jumamosi. Kwa saa zetu ni saa ngapi, na niende uwanja wa ndege usiku wa siku gani?"

Ndugu, hiyo ni saa sita na nusu usiku, na unapaswa kuwa uwanjani Ijumaa usiku, yapata saa tatu na nusu, ikiwa shirika lako linataka abiria wafike muda wa saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Mchangiaji aliyetangulia amesema tutoe sita, jambo ambalo ni sahihi kwa saa za mchana, kwa kuwa 14:20 huwa saa nane na dakika ishirini. Lakini kuanzia 19:00 hutolewa kumi na nane, hivyo 23:45 ni saa sita kasorobo usiku, na baada ya 00:00 huongezwa sita badala ya kutolewa. Kwa 06:30 ukitoa sita, au 18:30 ukitoa kumi na nane, utabaki na sifuri na nusu, nasi hatuna saa sifuri, kwa hiyo husomwa saa kumi na mbili na nusu, ya asubuhi au ya jioni (wengine ile ya pili huiita ya usiku, nami sibishani nao).

Kosa kubwa liko kwenye siku. Saa ya tarakimu hubadili tarehe katikati ya usiku, ilhali mtu akisikia "Jumamosi usiku" hufikiria giza linalofuata mchana wa Jumamosi, na ndege itakuwa imekwisha kuondoka. Mwambie dereva wako "usiku wa kuamkia Jumamosi".