Panga boi linaguna halina upepo? Pima kapasita kabla hujasema mota imeungua

Wadogo zangu mnaoanza ufundi umeme hapa Dom, joto la mwezi wa kumi na wa kumi na moja kabla mvua hazijashuka simu nyingi mtakazopigiwa ni za panga boi, na mteja atakwambia "fundi linaguna tu, upepo hamna". Naomba sana msikimbilie kusema mota imeungua, maana nimeona mota nzima kabisa zinapelekwa skrepa kisa kapasita ya elfu chache.

Mwaka jana niliitwa kwa mama mmoja Nkuhungu, feni yake hata ukiweka namba 5 mapanga unayahesabu kwa macho, na fundi aliyenitangulia alishamwambia mota isukwe upya. Kwanza nikazima umeme nikalisukuma kwa mkono, likazunguka lenyewe muda mrefu bila kukwaruza, hapo nikajua beringi ni nzima (lingekuwa zito au lina mlio wa kukwaruza ningeanzia kwenye beringi, vumbi la huku linamaliza grisi mapema). Nikawasha namba 2, likaguna tu halisogei, nikaligusa kwa mpini wa fagio kulia likaenda kulia, likasimama, nikaligusa kushoto likaenda kushoto. Feni ikifuata upande unaoisukuma basi koili ya kuanzishia haipati umeme wa kutosha, na mara nyingi sana mkosaji ni kapasita.

Ipo hivi, ndani ya mota kuna koili mbili, moja inapokea umeme moja kwa moja na nyingine inapitia kwenye kapasita, ambayo inapishanisha mwendo wa umeme kati ya hizo mbili ndio mota ijue izunguke upande gani na iwe na nguvu. Umeme ukirukaruka, utando mwembamba wa chuma ndani ya kapasita unaungua vidoa vidoa, kila kidoa kinapunguza uwezo wake, kwa hiyo haifi siku moja, inapungua taratibu na feni nayo inapungua taratibu, na kwa nje kapasita unaiona nzima haijavimba wala nini.

Nikazima breka kabisa, usiamini swichi ya ukutani peke yake kwa sababu kuna nyumba swichi imewekwa kwenye nyutro na laivu inabaki juu feni ikiwa imezimwa. Nikashusha kile kikombe kinachofunika nyaya, nikapiga picha nyaya zilivyokaa kwa simu, nikagusanisha ncha mbili za kapasita kupitia taa ya balbu ya zamani ili chaji iliyobaki iishe, nikapima volti nikaona sifuri ndio nikashika. Pale juu imeandikwa 2.5µF, mita ikasoma 1.1. Ilikuwa imebaki chini ya nusu, ikiwa nzima inatakiwa isipishane na maandishi kwa zaidi ya asilimia 5 hivi.

Ila kabla ya kufunga mpya pima na koili, dakika mbili tu. Nyaya tatu za mota nikazipima mbili mbili, nikapata 140, 170 na 310 oms, yani zile mbili ndogo ukijumlisha zinakupa ile kubwa, mota ni nzima. Sehemu moja isiposoma kabisa, koili imekatika na hapo ndio uongelee kusuka.

Nikafunga 2.5µF ya volti 450 AC. Dukani watakwambia weka ya 4 liende kasi, kataa, umeme utazidi kwenye ile koili ya kuanzishia, mota inaguna zaidi na inachemka mpaka inaungua kweli.

Nikawasha, upepo ukarudi, ila sasa likaanza kuyumba, mama wa watu akaogopa akatoka chumbani. Sio kapasita iliyoleta hilo, panga moja lilikuwa limepinda siku zote ila mwendo ulikuwa mdogo halikuonekana. Nikakaza kwanza skrubu za mapanga na pini inayoshika bomba kwenye kulabu, alafu nikaweka futi kavu toka silingi bodi mpaka ncha ya panga, nikalizungusha kila panga lifike hapo hapo: mawili yalisoma sentimita 31, la tatu 29.5. Nikalikunja shingo lake pole pole kwa mkono mpaka likafika 31, kisha nikafuta vumbi lililoganda juu ya mapanga yote matatu maana lilikuwa limejaa upande mmoja zaidi. Likatulia. Lingeendelea kuyumba ningebandika sarafu kwa gundi ya karatasi katikati ya panga moja, nijaribu moja moja mpaka nipate lililo jepesi.

Kama feni inaguna namba za chini tu na ya 5 iko sawa, achana na kapasita ya mota, unga moja kwa moja bila regyuleta uone. Mlio ukiisha badili regyuleta.