Kalipa, bado anakumbushwa kikapu

"Nimeseti imeili 3 za kukumbusha walioacha vitu kwenye kikapu cha duka langu la mtandaoni bila kulipa, sasa kuna mteja kalipa na bado kaletewa ya pili, kanijia juu kweli. Nakosea wapi?"

— Mfumo wako unacheki oda mara moja tu, mtu anapoingia kwenye mlolongo wa hizo imeili, wakati inatakiwa ucheki kabla ya kila imeili kutoka. Ya kwanza itoke baada ya saa 1 hivi, ya pili kesho yake, ya tatu siku ya tatu, na kila moja iulize kwanza huyu kalipa au bado, akiwa kalipa anatolewa. Halafu kuna hii inasumbua sana, mtu anaacha kikapu kwenye simu na imeili moja, anakuja kulipia kwenye kompyuta na imeili nyingine, mfumo unaona watu wawili, hapo labda ulinganishe namba za simu. Jipime mwenyewe: acha kikapu, subiri ya kwanza ifike, lipa, uone kama ya pili inakuja.

— Mimi naona tatizo ni imeili nyingi, weka moja tu na punguzo humohumo, kwangu wanalipa fasta

— Wanalipa ndio, ila angalia majina, utakuta walewale wanaacha kikapu makusudi wakisubiri kuponi. Punguzo liwe la mwisho, ya kwanza weka picha ya kitu na linki ya kumrudisha kwenye kikapu chake.

— Na wale walioondoka kabla hawajajaza imeili mnawapataje?