Voisi yangu ilipanda jikoni kabla yangu

Kama umetuma voisi ya WhatsApp kwa mtu asiyepaswa kuisikia, na hivi sasa unasoma hapa huku moyo unakwenda mbio, usiguse Delete for me. Mimi niliigusa, na nusu ya aibu yangu ilitoka hapo.

Nafanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni huku Shela, Lamu. Nyumba ni ya kizamani, kuta nene za mawe, na jiko liko juu kabisa darini kama zilivyo nyumba nyingi za kwetu, ili moshi na joto viondoke na upepo. Siku hiyo asubuhi nilipanda juu kuuliza kitu, nikaonjeshwa kipande cha mkia cha samaki aina ya changu aliyekuwa ndio kwanza anatoka kwenye makaa, kabla hajapakwa tui. Nilitabasamu, nikasema ahsante, nikashuka. Nilipofika chini nilikunywa maji glasi mbili.

Saa tano na nusu hivi nilikuwa nimekaa dakani, mlangoni, nahesabu mataulo yaliyorudi kutoka kwa dobi. Nikataka kumsimulia mwenzangu wa zamu ya jioni. Nikafungua WhatsApp. Jina lake lilikuwa la kwanza pale juu, kwa kuwa tulikuwa tumetoka kuandikiana. Nikashusha kidole, na kidole kilipokuwa bado hewani, mpishi wetu akaleta ujumbe: «Wageni wa chumba cha 4 wanakula saa ngapi?»

Hapo ndipo penye siri ya ajali nyingi za aina hii. Watu husema «nilikosea jina», lakini mara nyingi hujakosea. Ujumbe mpya ukiingia, mazungumzo yake huruka juu kabisa na yale uliyokuwa unayalenga yanashuka hatua moja. Kidole chako kinatua mahali palepale ulipopakusudia, ila mwenye mahali amebadilika. Na mimi, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na mataulo, nilisukuma ile maikrofoni juu ijifunge irekodi yenyewe, nikaiweka simu pajani, nikaongea bila kutazama kioo.

Sekunde 48. Naikumbuka kila moja.

«Shoga, leo samaki wa juu usimguse. Wallahi bahari yote imehamia kwenye yule changu. Nimempa paka wa darini kidogo, kanusa, kanitazama, kashuka ngazi. Paka wa Lamu, shoga! Anayekula mpaka ganda la embe!» Kisha, Mungu anisamehe, nikamuigiza mpishi mwenyewe, ile sauti yake nzito anayotumia mtu akimuuliza vipimo: «Mwanangu, mkono wa mpishi haupimwi kwa kijiko.» Nikamalizia na kicheko chake.

Nikatuma. Ndipo nikaiona picha ya wasifu pale juu: mikono yenye hina. Mwenzangu wa zamu ana picha ya jahazi.

Nikaishika ile voisi, nikagusa alama ya pipa, nikagusa maandishi ya kwanza yaliyokuja chini ya kidole. Voisi ikapotea. Nikashusha pumzi. Kisha huyo mwenzangu, ambaye ndiye alipaswa kuipata, akaandika:

Zamu: Ulisema unaniletea habari. Iko wapi?

Mimi: Imekwenda kwa Mama.

Zamu: Mamako?

Mimi: Afadhali ingekuwa mamangu. Mama Jikoni.

Zamu: Innalillahi

Zamu: Ilikuwa ya nini?

Mimi: Ya samaki. Na ya paka. Na nilimuigiza.

Zamu: Ile ya kijiko??

Mimi: Na kicheko.

Zamu: Futa

Mimi: Nimeshafuta

Zamu: Kwa wote?

Nikaenda kutazama. Sikuona lile neno kwamba ujumbe umefutwa. Palikuwa patupu, kana kwamba sijawahi kusema kitu.

Mimi: Kwangu

Zamu: Shoga, umefunga mlango na mwizi yuko ndani

Hebu nieleze, maana naona watu wengi hawalijui hili mpaka limewafika. Delete for everyone ndiyo inayoiondoa voisi kwenye simu ya mwenzako, na muda wake si mfupi, una kama siku mbili na nusu. Kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia bila kusoma. Inaacha alama kwamba kuna ujumbe umefutwa, na mpishi wa Lamu akiona alama hiyo atauliza, lakini kuulizwa ni kitu kimoja na kusikika ni kingine. Delete for me inaifuta kwako peke yako. Kwake ipo, na wewe sasa huna pa kuishikia ili uifute kwa wote. Ukigusa kimakosa, chini hutokea Undo kwa sekunde chache tu. Mimi sekunde hizo nilizitumia kushusha pumzi.

Tena unapoteza na kingine. Voisi ikiwa bado iko kwako, ile maikrofoni ndogo ubavuni mwake hugeuka buluu mtu akiisikiliza, hata kama amezima tiki za buluu za maandishi. Ningeiacha ningejua kama amesikia au bado yuko na sufuria zake. Nilikuwa nimeitupa saa yangu mwenyewe.

Zamu akaleta mashauri. La kwanza: «Sema simu alikuwa nayo mtoto.» Mtoto gani anajua habari ya kijiko? La pili: «Sema ulikuwa unamsema mpishi wa nyumba ya jirani.» Niliandika hilo, nikalisoma, nikalifuta. Kwa maandishi unaweza kusingizia. Kwa voisi, sauti ni yako, kicheko ni chake, na paka anajulikana.

Nikataka basi nimtumie voisi ya kuomba radhi, ili asikie kwamba nimeumia kweli. Nashukuru sikufanya. Voisi zikifuatana, ya kwanza ikimalizika ya pili inacheza yenyewe. Fikiria: mtu amesikia kicheko chake kimeigizwa, halafu papo hapo sauti ileile inalia lia «Mama yangu mpenzi, nisamehe». Ingekuwa kama mchezo wa kuigiza, sehemu ya kwanza na ya pili. Nikaandika maneno machache:

«Mama, hiyo voisi ni yangu na haikuwa ya kwako. Kukuigiza nimekukosea, niwie radhi. Wageni wa chumba cha 4 wanakula saa saba, na samaki kweli ana chumvi.»

Hayo maneno manne ya mwisho niliyafuta mara mbili, nikayarudisha mara mbili. Niliona, kwa kuwa aibu nishaibeba, wageni wasibebe chumvi. (Ingekuwa nimesema ndoa ya mtu au deni lake, nisingeandika kitu. Ningepanda ngazi nikakae mbele yake. Samaki ana nafuu yake.)

Tiki mbili. Zikawa buluu. Kimya. Dakika ishirini nikikunja taulo lilelile.

Saa sita na dakika nne, simu ikalia kwenye grupu la kazi, ambamo bosi mwenyewe yumo.

Mama Jikoni: Assalamu alaikum wafanyakazi wote

Nahodha: Waalaikum salaam Mama

Mama Jikoni: Leo chakula chenu ni wali mweupe. Chumvi nimeiweka kwenye sahani. Kila mtu ajitilie kwa mkono wake

Nahodha: Kwani kumezuka nini?

Mama Jikoni: Mapokezi atapakuliwa paka akishaonja

Sikuandika kitu. Vidole viliganda. Kisha ikaingia voisi yake, sekunde 31. Niliisikiliza nimeiweka sikioni, nimeinama nyuma ya meza kama mtu aliyedondosha peni.

Alikuwa ananiigiza mimi. Ile sauti yangu ya simu, ya puani, ninayoitumia kwa wageni na ambayo nilidhani haisikiki mpaka juu: «Kariiibuni Shela. Ndiyo, mpenzi mgeni, chumba kinatazama bahari. Ukisimama juu ya kitanda. Ukinyoosha shingo kushoto. Ukimuomba jirani aondoe nguo zake kwenye kamba.» Nyuma yake kijana wa jikoni anasikika akicheka mpaka kitu cha bati kikaanguka.

Nahodha: Nimezima mashine katikati ya maji. Abiria wanadhani petroli imekwisha

Zamu: 😂😂😂 hiyo ya jirani!!

Bosi: Hicho chumba ni namba ngapi?

Grupu lote kimya.

Zamu: Cha 2, Bosi

Bosi: Tutaongea. Lakini Mama rudia tena ile ya shingo

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sehemu ya machozi hayo ilikuwa ya dakika ishirini zilizopita.

Nilipanda juu kwa miguu yangu. Hakuinua macho, alikuwa anakamua nazi. «Huyu bwana,» akasema, akamuelekezea kijana wa jikoni kwa kidevu, «alimtia samaki chumvi asubuhi alipomtia ndimu na thomu. Hakuniambia. Mimi nikaja nikatia yangu.» Yeye hakuwa ameonja. Mpishi mwenye mkono aliouzoea haonji kila kitu, na hapo ndipo mkono unapomsaliti. Voisi yangu, kwa bahati, ilimfikia kabla tui halijapakwa.

Alichokifanya nimekiiba, nakitumia nyumbani. Tui la kupaka halikutiwa chumvi hata chembe. Alitumia tui la kwanza, lile zito, kwa wingi kuliko kawaida, akaongeza ukwaju kidogo na pilipili, akampaka samaki mara tatu huku akimgeuza juu ya makaa mepesi. Habari ya kutumbukiza kiazi ili kinyonye chumvi aliikata kwa mkono: samaki wa kuchoma kiazi utakitia wapi? Chumvi iliyokwisha ingia kwenye nyama haitoki. Unachoweza ni kumpa mlaji kitu kisicho na chumvi cha kula pamoja nayo, kwa hiyo hata wali wa wageni siku hiyo ulipikwa bila chumvi. Chumba cha 4 walirudisha sahani zenye miba mitupu na wakaomba maelezo ya mapishi. Mama akanitazama mimi, akawajibu kwa ile sauti nzito kwamba mkono wa mpishi haupimwi kwa kijiko.

Tangu siku hiyo kabla sijarekodi nasoma jina kwa midomo, kama mtoto wa chuoni. Na nikishamaliza sitelezi moja kwa moja kwenye kutuma. Nagusa kusimamisha, naisikiliza kwanza, na nikiisikiliza kichwa huinuka nikaona ni picha ya nani iliyoko pale juu. Voisi za kumuigiza mtu, hizo nimeziacha kabisa, isipokuwa za nahodha, maana yeye mwenyewe huziomba.

Jioni ile, nikiwa nishafika nyumbani, grupu likalia tena. Mama Jikoni alikuwa ametuma picha: paka wa darini, amelala ubavu kando ya sahani ya miba iliyolambwa ikang'aa. Chini yake maneno mawili.

Mama Jikoni: Shahidi karudi